Asilimia 3.5 ya kiasi gani? Kuhesabu riba ya mkopo mwenyewe kabla ya kutia saini

Ukikaa mbele ya afisa mikopo, iwe Mwanza mjini, Igoma au Buhongwa, swali linalotangulia karibu kila mara ni "riba yenu ni ngapi?" Jibu huja haraka: asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Mkopaji hutikisa kichwa, anaona ni ndogo, mazungumzo yanahamia kwenye dhamana na wadhamini. Swali lililorukwa hapo ndilo lenye pesa: asilimia tatu na nusu ya kiasi gani? Ya mkopo wote niliochukua, au ya deni ambalo bado sijalipa?

Wakopeshaji wawili wanaweza kuandika riba ileile kwenye bango, mkopo uleule, miezi ileile, na bado mmoja akakutoza zaidi ya laki moja kuliko mwenzake. Hakuna aliyedanganya. Wamezidisha asilimia ileile kwa vitu viwili tofauti. Mwongozo huu unachukua mkopo mmoja na kuuhesabu kwa njia zote mbili, hatua kwa hatua. Kalkuleta ya simu inatosha kuhakiki kila namba iliyomo.

Mkopo wa mfano

Tuseme mama anayenunua dagaa visiwani na kuwauza soko la Kirumba Mwaloni anakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, marejesho mara moja kila mwezi. Asilimia hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo ukomo ambao Benki Kuu ya Tanzania imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Madaraja hayo yanatokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Ofisi nyingi ndogo za mikopo unazoziona mtaani ni za daraja la pili.

Kabla ya kuhesabu, tenganisha maneno matatu. Deni la msingi ni pesa uliyokopa. Riba ni bei ya kukaa na pesa hiyo. Rejesho ni kiasi unachopeleka kila mwezi, na ndani yake mna kipande cha msingi na kipande cha riba. Mkopaji huliona rejesho tu, na ndiyo maana ni rahisi kutojua vipande hivyo vimegawanywaje.

Njia ya kwanza: riba juu ya mkopo wote

Maafisa wengi huiita "fleti". Hesabu yake ni nyepesi mno, na wepesi huo ndio unaoifanya ipendwe na pande zote mbili.

Chukua mkopo wote, zidisha kwa asilimia 3.5. Kwenye kalkuleta andika 1,200,000 × 0.035, utapata 42,000. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Zidisha kwa miezi 6, unapata 252,000. Jumlisha na mkopo: 1,452,000. Gawa kwa 6: rejesho ni shilingi 242,000 kila mwezi. Basi.

Sasa liangalie rejesho hilo kwa ndani. Kila mwezi 200,000 inapunguza msingi na 42,000 ni riba. Mwezi wa kwanza hakuna la kulalamikia, kwa sababu mama anazo 1,200,000 zote mkononi na analipia 1,200,000. Lakini mwezi wa sita amesharudisha milioni moja. Amebaki na 200,000 tu za mkopeshaji, na bado anatozwa 42,000, sawa na yule aliyechukua 1,200,000 jana. Ukigawanya 42,000 kwa 200,000 unapata asilimia 21, na hiyo ndiyo riba ya mwezi wa mwisho kwa pesa aliyonayo kweli.

Njia ya pili: riba juu ya salio

Hapa riba ya kila mwezi inahesabiwa kwenye deni la msingi lililobaki. Salio likishuka, riba nayo inashuka. Njia hii ina sura mbili, na zote utakutana nazo.

Sura ya kwanza hulipa msingi kwa mafungu sawa. Mama analipa msingi 200,000 kila mwezi, na juu yake anaongeza riba ya salio. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, riba 42,000, rejesho 242,000. Mwezi wa pili salio ni 1,000,000, riba 35,000, rejesho 235,000. Mwezi wa tatu riba ni 28,000, wa nne 21,000, wa tano 14,000, wa sita 7,000. Jumlisha riba zote sita: 147,000.

Linganisha na 252,000 za njia ya kwanza. Tofauti ni 105,000. Na angalia kwamba rejesho la mwezi wa kwanza ni lilelile, 242,000. Mtu akilinganisha wakopeshaji kwa kuuliza rejesho la kwanza peke yake, hataona tofauti yoyote.

Sura ya pili huweka rejesho lililo sawa kila mwezi, ila riba inafuata salio. Ndiyo inayotumika sana kwenye mikopo ya benki. Mwanzoni kipande cha riba ndani ya rejesho ni kikubwa na cha msingi ni kidogo, kisha vinabadilishana polepole. Kulipata rejesho hilo kunahitaji fomula, na kwenye programu ya hesabu kama Excel inaandikwa hivi:

```
=PMT(3.5%,6,-1200000)
```

Jibu ni 225,201.85, tunalizungusha kuwa 225,202. Huna kompyuta? Si tatizo. Mwachie mkopeshaji akutajie rejesho, kisha wewe ulihakiki kwa jedwali. Kila mstari una hatua tatu: zidisha salio kwa 0.035 upate riba. Toa riba hiyo kwenye rejesho upate msingi uliolipwa. Toa msingi huo kwenye salio upate salio jipya. Salio jipya ndilo linaloanzisha mstari unaofuata.

| Mwezi | Salio mwanzoni | Rejesho | Riba | Msingi | Salio mwishoni |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 1,200,000 | 225,202 | 42,000 | 183,202 | 1,016,798 |
| 2 | 1,016,798 | 225,202 | 35,588 | 189,614 | 827,184 |
| 3 | 827,184 | 225,202 | 28,951 | 196,251 | 630,933 |
| 4 | 630,933 | 225,202 | 22,083 | 203,119 | 427,814 |
| 5 | 427,814 | 225,202 | 14,973 | 210,229 | 217,585 |
| 6 | 217,585 | 225,200 | 7,615 | 217,585 | 0 |

Rejesho la mwisho limepungua shilingi mbili kwa sababu ya kuzungusha senti njiani. Hilo ni la kawaida. Ukipewa ratiba ya marejesho na salio la mwisho likaishia na maelfu, ama umekosea mstari mmoja, ama riba iliyotumika si ile uliyotajiwa. Jumla ya riba hapa ni 151,210. Imezidi kidogo ile 147,000 kwa kuwa msingi unalipwa taratibu zaidi miezi ya mwanzo, hivyo pesa ya mkopeshaji inakaa nawe muda mrefu kidogo.

Kwa hiyo, kwa maneno yaleyale "asilimia tatu na nusu kwa mwezi", gharama inaweza kuwa 147,000, au 151,210, au 252,000. Ukiwa na haraka ofisini, kuna jaribio la sekunde kumi: zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, toa mkopo, kisha gawa kilichobaki kwa riba ya mwezi wa kwanza. Kwa mfano wetu, 252,000 gawa kwa 42,000 ni 6 kamili, sawa na idadi ya miezi. Ikitoka sawa na miezi, hiyo ni fleti. Ikitoka ndogo kwa mbali (151,210 gawa kwa 42,000 ni 3.6), riba inafuata salio.

Kuigeuza fleti iwe riba halisi

Ili kulinganisha mkopo wa fleti na wa salio, lazima vyote viwekwe kwenye kipimo kimoja. Kuna njia ya makadirio inayofaa kufanyia kwenye benchi la kusubiria. Zidisha riba ya fleti kwa mara mbili ya idadi ya marejesho, kisha gawa kwa idadi ya marejesho ukiongeza moja. Kwa marejesho 6: 3.5 × 12 ÷ 7 = 6. Yaani fleti ya 3.5 inakaribia riba ya salio ya asilimia 6 kwa mwezi.

Sababu yake inaeleweka ukiangalia masalio. Mama ana milioni 1.2 mwezi wa kwanza, milioni 1 wa pili, kisha laki nane, laki sita, laki nne, laki mbili. Wastani wake ni 700,000. Amekaa na pesa ya watu ya wastani wa laki saba huku akilipia 42,000 kila mwezi, na 42,000 gawa kwa 700,000 ni asilimia 6.

Jibu kamili ni asilimia 5.73, na Excel hulitoa kwa amri hii:

```
=RATE(6,242000,-1200000)
```

Makadirio yanazidi kidogo, lakini kwa kuamua usaini au usisaini yanatosha. Cha kukumbuka ni kwamba kwa makadirio haya, kadiri marejesho yanavyokuwa mengi, ndivyo fleti inavyokaribia kuwa mara mbili ya namba iliyoandikwa, ingawa makadirio nayo yanazidi kulipita jibu kamili. Kwa marejesho 12, asilimia 3.5 inakadiriwa kuwa 6.5.

Ada zinazokatwa kabla hujapokea

Mpaka hapa tumechukulia kwamba mama ameondoka na 1,200,000 kamili. Mara nyingi sivyo. Kuna ada ya maombi, bima ya mkopo, pengine gharama za mkataba. Tuchukue mfano wa ada asilimia 3, yaani 36,000, na bima asilimia 1, yaani 12,000. Jumla 48,000 zinakatwa siku ileile, na kwenye simu au akaunti inaingia 1,152,000. Rejesho linabaki 242,000, kwa sababu mkataba unasema amekopa 1,200,000.

Sasa riba halisi ni ngapi? Kubahatisha na kuhakiki kunatosha. Jaribu asilimia 7 kwa mwezi kwenye pesa iliyoingia mkononi. Kila mwezi ongeza asilimia 7 kwenye salio, kisha toa 242,000. Kutoka 1,152,000 masalio yatakwenda hivi: 990,640, kisha 817,985, kisha 633,244, kisha 435,571, kisha 224,061. Mwezi wa mwisho ongeza asilimia 7 ya 224,061, ambayo ni 15,684, unapata 239,745. Mama analipa 242,000, amezidisha 2,255. Ukimaliza ukakuta malipo yamezidi deni, riba halisi iko juu ya ile uliyobahatisha. Ukikuta deni limebaki, iko chini yake. Hapa zimezidi kidogo tu, kwa hiyo riba halisi imepita 7 kidogo. Kompyuta inasema 7.04.

Hiyo ni mara mbili ya namba iliyo kwenye bango, na kila karatasi iliyotiwa saini ina maneno ya kweli.

Wapo wanaozuia pia akiba ya lazima, tuseme asilimia 10 ya mkopo, ambayo hurudishwa deni likiisha. Watu huiona si gharama kwa kuwa inarudi. Lakini hizo 120,000 zimekaa kwa mkopeshaji miezi sita huku mama akizilipia riba kama vile anazitumia. Ukitaka kuhesabu, itoe kwenye pesa ya mwanzo kama ulivyotoa ada, kisha ipunguze kwenye rejesho la mwisho. Riba halisi itapanda tena.

Kwa hiyo ukifika ofisini uliza shilingi badala ya asilimia: "Siku ya kupokea, itaingia shilingi ngapi kamili? Na hadi nimalize, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kamili?" Namba hizo mbili pamoja na tarehe za malipo zinatosha kuhesabu kila kitu. Anayekwepa kuzitaja amekusaidia kuamua.

Marejesho ya wiki na "kausha damu"

Mikopo midogo ya haraka hulipwa kwa wiki au hata kila siku, na hapo asilimia hudanganya macho zaidi. Mfano: unapewa 200,000, unarudisha 60,000 kila wiki kwa wiki 4. Jumla 240,000, na mtu anasema "riba ni asilimia ishirini tu". Masalio ya msingi ni 200,000, 150,000, 100,000 na 50,000, wastani 125,000. Riba ya 40,000 juu ya 125,000 ni asilimia 32 ndani ya wiki nne, karibu asilimia 8 kila wiki. Hesabu kamili inatoa 7.7 kwa wiki. Jina la mitaani la mikopo hii halikutoka hewani.

Ni wapi rejesho linatoka

Kosa linaloangusha biashara nyingi za mwaloni halimo kwenye mkataba kabisa. Mtu anahesabu kama faida yake inaweza kulipa riba ya 42,000, anaona inatosha, anasaini. Anasahau kwamba rejesho lina 200,000 za msingi pia, nazo zinaanza kudaiwa mwezi wa kwanza.

Tuchukue kwamba kila gunia la dagaa, baada ya bei ya kununulia, usafiri wa boti, ushuru na wapakiaji, linamwachia mama 15,000. Kulipa riba peke yake anahitaji faida ya magunia 3 kwa mwezi. Kulipa rejesho zima kwa faida anahitaji magunia 17. Akiuza magunia 10 tu, anapata 150,000. Zile 92,000 zilizopungua atazitoa kwenye mtaji, na mwezi unaofuata atanunua dagaa wachache zaidi. Mauzo yakipungua, faida inapungua, na mtaji unamegwa tena. Mkopo wa msingi unaolipwa mapema unahitaji biashara inayozungusha pesa mara kadhaa kwa mwezi. Kama mzunguko wako ni wa polepole, omba muda wa neema au muda mrefu zaidi, ukijua kuwa muda mrefu wa fleti una bei yake: kila mwezi unaoongezwa ni 42,000 nyingine.

Kisha kuna mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa haivuti, kambi zinapumzika, mzigo unakauka. Tarehe ya rejesho ikiangukia mwisho wa mbalamwezi, mama atakuwa amekaa siku kadhaa bila mzigo mpya na bado anatakiwa kutoa 242,000. Na haitajirekebisha haraka. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, hivyo kwenye kalenda unasogea nyuma kwa siku moja hivi tu kila mwezi. Tarehe mbaya mwezi wa kwanza itaendelea kuwa mbaya kwa karibu mkopo mzima wa miezi sita.

Dawa yake ni kuchagua tarehe kabla ya kusaini, si kuomba huruma baadaye. Chukua kalenda, tafuta siku ya mwezi mpevu kwenye mwezi wa rejesho la kwanza, rudi nyuma siku tano au sita. Kama mwezi mpevu ni tarehe 20, omba tarehe 14. Wakati huo giza ndilo linaisha, mzigo umeshauzwa, pesa ipo mkononi. Kufikia rejesho la sita mwezi mpevu utakuwa umesogea hadi karibu tarehe 15, bado uko salama. Mkopeshaji hapotezi chochote kwa ombi hili, na wengi hulikubali likitolewa mapema.

Adhabu, kumaliza mapema, na kuongezewa mkopo

Ukichelewa kuna adhabu. Usiridhike na asilimia yake. Uliza inapigwa kwenye kiasi gani, kama ulivyouliza kwa riba. Adhabu ya asilimia 5 ya rejesho lililochelewa ni 12,100. Asilimia 5 hiyohiyo ya deni lote lililobaki, baada ya marejesho mawili ya fleti, ni asilimia 5 ya 968,000, yaani 48,400. Ni mara nne.

Kumaliza mapema ndiko kunakofichua mkataba. Tuseme baada ya marejesho matatu mama amepata pesa na anataka kufunga deni. Kwenye mkopo wa salio wenye rejesho sawa, jedwali letu linaonyesha 630,933, na ndicho anachodaiwa. Kwenye fleti, mkopeshaji anaweza kusema deni ni marejesho matatu yaliyobaki, 726,000. Ndani yake mna 126,000 za riba ya miezi ambayo haijafika. Mwingine husamehe riba hiyo na kudai 600,000 za msingi. Kipi kitatokea kinategemea kilichoandikwa, kwa hiyo kitafute kifungu hicho kwenye mkataba, na kisipokuwepo omba kiandikwe.

Hapo ndipo ofa ya kuongezewa mkopo inapoumiza. Baada ya miezi mitatu ya kulipa vizuri, simu inaita: "Mama, wewe ni mteja mzuri, tunakupa tena milioni moja na laki mbili." Mkopo mpya unafunga wa zamani. Zinakatwa 726,000 za deni la zamani pamoja na riba yake ambayo haijaiva, zinakatwa tena ada na bima 48,000. Anaingiziwa 426,000. Anaanza upya kudaiwa 1,452,000 kwa miezi sita, huku riba ya fleti ikipigwa kwenye 1,200,000 nzima. Na zile 126,000 za riba ya zamani sasa zimegeuka msingi, nazo zinazaa riba.

Kabla ya kukubali ofa ya namna hii, fanya hesabu moja. Ukikataa, umebakiza kutoa 726,000. Ukikubali, utatoa 1,452,000. Tofauti ni 726,000, na ulichopata mkononi ni 426,000. Umenunua laki nne na ishirini na sita kwa laki saba na ishirini na sita. Bora umalize miezi mitatu iliyobaki, kisha ukope upya ukiwa huna deni.

Karatasi za kuondoka nazo

Usitoke ofisini bila nakala ya mkataba na ratiba ya marejesho yenye tarehe, rejesho, riba, msingi na salio kwa kila mstari. Ratiba yenye rejesho tu, bila safu ya salio, haiwezi kuhakikiwa, iombe kamili. Chagua mstari mmoja wa katikati, tuseme wa tatu, zidisha salio lake kwa riba uliyoambiwa, uone kama riba iliyoandikwa inatoka. Mstari mmoja ukikubali na salio la mwisho likawa sifuri, kuna uwezekano mkubwa ratiba ni ya kweli.

Jina la mkopeshaji litafute kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu, www.bot.go.tz, kabla ya kuacha kadi ya benki, hati ya kiwanja au kitambulisho. Na kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri usiiache kwa yeyote hata akiwa na leseni.

Kila ukilipa, tunza risiti au ujumbe wa simu, na andika salio jipya pembeni mwa ratiba yako siku hiyohiyo. Kama salio la mkopeshaji halilingani na lako, peleka malalamiko kwake kwa maandishi, ukiambatanisha ratiba na risiti, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipotatua, nakala hiyo ndiyo ya kupeleka Benki Kuu, ambayo ina tawi hapahapa Mwanza.